Mkojo wa Kikohozi na Mkojo wa Haraka: Uanzie Wapi Kuutibu Baada ya Miaka 40

Wanawake wawili wa miaka 50 wanaweza kuwa wananunua pedi za aina moja, kwa siri ileile, na shida zao zikawa mbili tofauti. Mmoja mkojo unamtoka akipiga chafya, akicheka au akijitwika ndoo. Mwingine anaweza kupiga chafya mara kumi na akabaki mkavu, lakini akitia ufunguo mlangoni mkojo unamjia kwa nguvu na haufiki chooni. Wote wawili wataambiwa, “Fanya mazoezi ya Kegel,” yaani ya kubana misuli ya chini ya nyonga. Wa kwanza ameambiwa jambo sahihi, ingawa mara nyingi haonyeshwi namna ya kulifanya. Wa pili ameambiwa nusu tu ya tiba yake, na nusu inayokosekana ndiyo ambayo ingemsaidia zaidi.

Kwa hiyo nitalinganisha mambo mawili hapa. Kwanza ni mivujo yenyewe, ili ujue wako ni upi. Halafu ni njia za kuishughulikia, ili ujue uanze na ipi na uipe muda gani kabla ya kuhukumu kwamba imeshindwa.

Mivujo miwili, ikiwekwa bega kwa bega

Mkojo wa kikohozi hutoka pale tumbo linapokandamiza kibofu: kukohoa, kupiga chafya, kucheka, kuruka, kunyanyua mtoto, kuinuka kutoka kwenye sujudu. Hutoka kidogo, tone au mchirizi, na hukatika tukio lenyewe linapoisha. Hakuna hamu ya kukojoa inayotangulia. Ukilala usiku hauvuji, kwa sababu hakuna kinachokandamiza. Kibofu chako ni kizima. Kilichochoka ni kizuizi chake.

Mkojo wa haraka hufuata njia nyingine. Kibofu chenyewe hujikaza wakati usio wake, kabla hakijajaa. Hamu huja ghafla na haikubali kusubiri, na mkojo ukitoka huwa mwingi, pengine wote. Mwenye shida hii huenda chooni mara nyingi mchana, huamka usiku zaidi ya mara moja, na hujua kila choo kilichopo kati ya nyumbani na sokoni. Vichochezi vyake ni sauti ya maji ya bomba, baridi, kufika mlangoni, kahawa na chai ya rangi.

Wanawake wengi wa umri huu wana vyote viwili, kila kimoja kwa kiasi chake. Ndiyo maana kumbukumbu ya kichwani haitoshi, na ninashauri daftari la siku tatu. Kila unapokwenda chooni andika saa, na kojolea kwenye jagi la plastiki lenye alama za mililita. Kila ukivuja andika ulikuwa unafanya nini. Andika pia unachokunywa. Siku tatu zikiisha utaona picha ambayo hata daktari hawezi kuipata kwa kukuuliza maswali tu. Kibofu cha mtu mzima kwa kawaida hubeba kati ya mililita 300 na 500, na kwenda haja ndogo mara saba hivi mchana si ajabu. Ukiona unakimbia chooni mara 12 na kila mara jagi linaonyesha mililita 100, kibofu chako kina haraka isiyo na sababu. Ukiona vipimo vizuri vya 300 au 400, na mivujo yote imeandikwa “nimekohoa” au “nimebeba”, jibu lako ni lile la kwanza.

Upo mvujo wa tatu usioingia kwenye ulinganisho huu, nao lazima utajwe. Mkojo unaotoka wakati wote, usiku na mchana, hasa ukianza baada ya uchungu wa muda mrefu au baada ya upasuaji wa kizazi, unaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hakuna zoezi linaloziba tundu. Huo ni wa upasuaji, na wapo wanawake walioishi nao miaka 20 wakidhani ni udhaifu tu wa uzazi. Nchini Tanzania, hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ni mojawapo ya zinazofanya upasuaji huu. Vilevile mkojo wenye damu, mkojo unaochoma, mkojo unaochuruzika huku kibofu kikihisi hakiishi kujaa, au ganzi ya sehemu za siri inayoambatana na miguu kukosa nguvu: hayo ni ya hospitali kwanza, na ganzi hiyo ikianza ghafla ni ya kwenda leo hii. Anayekojoa sana na kuwa na kiu sana apimwe sukari kabla ya kufikiria nyonga.

Uzazi na kukoma hedhi: nani amefanya nini

Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kuanzia mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Ndiyo inayobeba kibofu, mfuko wa uzazi na njia ya haja kubwa, na mirija yote mitatu hupita katikati yake. Ukikohoa, misuli hii hujikaza kwa sehemu ndogo ya sekunde na mrija wa mkojo hubanwa dhidi yake. Ukikanyaga mpira wa kumwagilia juu ya saruji, maji hukatika. Ukiukanyaga juu ya mchanga laini, mpira huzama na maji yanaendelea kupita. Misuli imara ndiyo saruji hiyo.

Kujifungua kwa njia ya kawaida hufanya mambo mawili kwa misuli hii. Kichwa cha mtoto kinapopita, nyuzi za katikati huvutwa kupita kiasi ambacho msuli mwingine wowote wa mwili usingestahimili, na kwa baadhi ya wanawake hung’oka kabisa pale zilipojishikiza kwenye mfupa wa kinena. Hatari hiyo hupanda mtoto akitolewa kwa koleo. La pili ni mshipa wa fahamu unaoamrisha misuli hiyo: nao huvutwa, hasa hatua ya kusukuma ikiwa ndefu au mtoto akiwa mkubwa. Kwa wengi mshipa huo hupona ndani ya miezi michache. Kuna jambo wengi huchanganya hapa: kuongezewa njia na kushonwa ni jeraha la juu zaidi, na kupona kwa mshono hakukuambii lolote kuhusu misuli iliyo ndani.

Je, kujifungua kwa upasuaji kunakuepusha? Kwa kiasi tu. Utafiti mkubwa wa Norwei uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta mkojo kuvuja kwa wanawake 10 katika kila 100 ambao hawajawahi kuzaa, karibu 16 kati ya waliozaa kwa upasuaji tu, na 21 kati ya waliozaa kwa njia ya kawaida. Kwa hiyo ujauzito wenyewe, kwa uzito wake na homoni zake, tayari huacha alama, na njia ya kutoka huongeza nyingine. Tofauti hiyo si kubwa kiasi cha kumfanya mtu achague kisu kwa sababu ya mkojo peke yake.

Sasa kwa nini mama aliyezaa akiwa na miaka 27 aanze kuvuja akiwa na 49? Kwa sababu misuli iliyobaki ilikuwa inatosha. Alikuwa anaishi kwa akiba. Hedhi inapokaribia kukoma, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, estrojeni hupungua, na ngozi ya ndani ya uke na ya mrija wa mkojo huhitaji homoni hiyo ili kuwa nene, yenye damu na unyevu. Ikipungua, kuta za mrija huwa nyembamba na hazishikani vizuri kama zamani. Uke hukauka, tendo la ndoa huuma, maambukizi ya njia ya mkojo hurudiarudia, na kibofu huwa chepesi kukasirika. Wakati huohuo umri wenyewe hupunguza nyuzi za misuli, na uzito wa tumbo huongezeka.

Ukiweka hayo mawili sambamba utaona mgawanyo wake: uzazi huelekea zaidi kwenye mkojo wa kikohozi, kwa kudhoofisha kishikizo. Kukoma hedhi huelekea zaidi kwenye mkojo wa haraka na ukavu, ingawa hugusa pia kizuizi. Mgawanyo huu una faida, kwa sababu unakuambia ni nini mazoezi yanaweza kurejesha na nini hayawezi. Msuli uliodhoofika hukua ukifanyishwa kazi, hata ukiwa na miaka 70. Ngozi iliyokosa homoni haikui kwa kubanwa.

Mazoezi: ya kujifanyia na ya kusimamiwa

Daktari wa Marekani Arnold Kegel alipoandika kuhusu mazoezi haya mwaka 1948, alikuwa na kifaa cha kupima nguvu ya mbano ndani ya uke. Mgonjwa alikuwa anaona mshale ukipanda au ukikataa kupanda. Siku hizi zoezi limesambaa dunia nzima na kipimo kimeachwa njiani, na hapo ndipo wengi hupotelea. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1991 uliwapima wanawake baada ya kuwaelekeza kwa maneno tu: karibu nusu ndio walibana sawasawa, na mmoja kati ya wanne alikuwa anafanya kwa namna inayoweza kuuongeza mvujo, yaani alikuwa anasukuma chini badala ya kuvuta juu.

Basi anza kwa kuutafuta msuli. Lala chali, kunja magoti. Fikiria unazuia hewa isitoke nyuma, kisha endeleza mbano huo kuja mbele kama unayekatiza mkojo, halafu uvute juu ndani. Pumua kawaida. Matako yalegee, mapaja yalegee, tumbo la juu lisijivimbishe. Ukipenda uhakika, nawa mikono na uingize kidole ukeni: kinapaswa kubanwa na kuvutwa kuelekea ndani. Ukitumia kioo, nyama iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa inapaswa kuingia ndani. Ikitokeza nje, unasukuma. Acha, pumzika, anza upya. Kukata mkojo katikati ukiwa chooni kunaweza kukusaidia kuutambua msuli mara moja, lakini usikufanye kuwa zoezi la kila siku, maana kibofu kitajifunza kutomaliza.

Ukishaupata, kipimo kinachotumika sana katika miongozo ya tiba ni angalau mibano minane, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu. Shikilia kila mbano kwa sekunde unazoziweza bila kuteleza. Wengine huanza na tatu, lengo likiwa kufika sita hadi nane, kisha legeza kabisa kwa muda uleule. Kulegeza ni nusu ya zoezi. Mwishoni mwa kila seti ongeza mibano mitano ya haraka, kubana na kuachia. Wiki za kwanza fanya ukiwa umelala, kisha umekaa, kisha umesimama, kwa sababu mkojo haukutoki ukiwa umelala na msuli lazima uzoee kufanya kazi pale unapohitajika.

Kuna jambo la pili ambalo si nguvu bali ni wakati, na kwa maoni yangu ndilo linalosahaulika kuliko yote. Bana kabla hujakohoa. Bana kabla hujainua ndoo, kabla hujainuka kwenye sujudu, kabla hujashuka ngazi ya daladala. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1998 uliwafundisha wanawake wakubwa mbinu hii kwa wiki moja tu, muda ambao haumtoshi msuli kukua, na mkojo uliotoka kwa kikohozi cha wastani ukapungua kwa asilimia 98, na kwa kikohozi kikubwa asilimia 73. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20. Anayeibeba kila asubuhi bila kubana kwanza anabomoa asubuhi anachojenga usiku.

Je, yanatosha? Uchambuzi wa mwaka 2018 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, uliokusanya majaribio mengi, ulikuta kwamba wenye mkojo wa kikohozi waliofanya mazoezi, asilimia 56 walisema wamepona, ikilinganishwa na asilimia 6 ya wasiofanya. Majaribio hayo mengi yalikuwa ya kusimamiwa, ambapo mtu alikagua mbano, akaongeza dozi na kumuita mgonjwa arudi. Hapo ndipo penye tofauti kati ya kufanya mwenyewe na kufanya na mtaalamu wa fiziotherapia. Zoezi ni lilelile. Linaloongezeka ni ukaguzi na uwajibikaji. Ukiweza kumwona hata mara moja mwanzoni ili akague kama unavuta juu, na mara nyingine baada ya wiki sita, umepata sehemu kubwa ya faida. Mahali ambapo mtaalamu huyo hayupo, mkunga au nesi mwenye ujuzi wa kupima kwa kidole anaweza kukuambia kama unabana au unasukuma.

Na vifaa je? Koni za kuingiza ukeni na mashine za umeme huuzwa kwa bei kubwa mtandaoni. Jaribio la Norwei la mwaka 1999 liliweka mazoezi, umeme, koni na kutofanya kitu upande kwa upande kwa miezi sita, na mazoezi yakashinda. Umeme una nafasi kwa mtu asiyeweza kabisa kukaza msuli wake. Kwa anayeweza, pesa hiyo ni bora iende kwa mtaalamu.

Wapo pia ambao kubana zaidi kutawaumiza: mwenye maumivu ya nyonga, tendo la ndoa linalouma kwa ndani, au mkojo unaokawia kuanza. Misuli yake huenda imekaza mno na inahitaji kufundishwa kulegea. Zoezi likileta maumivu, simama na upimwe.

Mkojo wa haraka: zoeza kibofu, na msuli uwe breki

Hapa tiba ya kwanza ni kukizoeza kibofu kusubiri, kwa angalau wiki sita. Daftari lako linaonyesha unakwenda kila baada ya muda gani. Anza na muda huo, uufuate kwa saa hata kama huna hamu, na kila wiki ongeza dakika 15 hadi ufike saa tatu au nne. Hamu ikija kabla ya saa yake, usikimbie. Kukimbia hukandamiza kibofu na kukishtua zaidi. Simama au ukae, bana haraka mara tano au sita bila kulegeza katikati kwa muda mrefu, vuta pumzi, hesabu kitu, na subiri. Hamu hupanda kama wimbi kisha hushuka. Ikishashuka ndipo utembee kwenda chooni, polepole.

Kubana huko hutuma ujumbe kwenye neva wa kukituliza kibofu, ndiyo maana mazoezi ya msuli yanafaa hapa pia. Tofauti ni kwamba kwa mkojo wa kikohozi msuli ndio tiba, na kwa mkojo wa haraka msuli ni breki tu mikononi mwa mtu anayebadilisha mazoea.

Mazoea mawili huharibu kazi hii. La kwanza ni kukojoa “kwa tahadhari” kila mara kabla ya kutoka, hata ukiwa umetoka chooni nusu saa iliyopita: kibofu hujifunza kuwa kidogo. La pili ni kuacha kunywa maji. Mkojo mzito hukichokoza kibofu, na choo kikiwa kigumu kusukuma kwake hudhoofisha misuli. Punguza chai na kahawa badala ya maji, na kinywaji cha mwisho kiwe saa mbili au tatu kabla ya kulala.

Njia nyingine zikiwekwa kando ya mazoezi

| Njia | Inamfaa zaidi nani | Ihukumiwe lini |
|---|---|---|
| Mazoezi ya misuli | Mkojo wa kikohozi, na wa mchanganyiko | Miezi 3 |
| Kuzoeza kibofu | Mkojo wa haraka | Wiki 6 |
| Krimu ya estrojeni ya ukeni | Ukavu, haraka, maambukizi ya kurudiarudia | Miezi 2 hadi 3 |
| Pete ya ukeni | Kizazi au kibofu kilichoshuka, kikohozi | Siku inapowekwa |
| Upasuaji | Kikohozi kisichosikia mazoezi | Ufanywe baada ya kumaliza kuzaa |

Krimu ya estrojeni hupakwa ndani ya uke, kwa kawaida kila usiku kwa wiki mbili kisha mara mbili kwa wiki, kwa maelekezo ya daktari. Inayoingia kwenye damu ni kidogo sana. Usiichanganye na vidonge vya homoni vya kumeza: majaribio makubwa ya Marekani yaliyotolewa mwaka 2005 yalionyesha kwamba vidonge hivyo viliongeza kuvuja kwa mkojo, ingawa wengi walikuwa wametarajia vipunguze. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti azungumze na daktari wake wa saratani kabla ya kuitumia.

Pete ya silikoni huwekwa ukeni kubeba kilichoshuka. Inafaa ukihisi kama kuna yai au uvimbe unaotokeza, hasa jioni baada ya kusimama siku nzima. Mazoezi hupunguza hisia hiyo kushuka kukiwa kudogo, lakini hayarudishi kizazi kilichokwisha kutokeza nje.

Upasuaji wa mkojo wa kikohozi unafanya kazi, ila ni vyema mtu awe amemaliza kuzaa na amejaribu mazoezi kweli. Uliza ni upasuaji wa aina gani. Ule wa kuweka utepe wa plastiki ulisimamishwa Uingereza mwezi Julai 2018 kwa sababu ya maumivu na madhara kwa baadhi ya waliowekewa, na zipo njia zinazotumia nyuzi au utando wa mwili wako mwenyewe. Kwa mkojo wa haraka upasuaji huo hausaidii, na wengine huwazidishia haraka. Vidonge vya kutuliza kibofu, kama oksibutinini, vipo kwa ambaye kuzoeza kibofu hakukutosha. Hukausha mdomo, hufunga choo, na kwa wazee vinaweza kuvuruga akili, kwa hiyo si vya kununua dukani bila kuonwa na daktari.

Uzito una nafasi yake, bila kulaumiana. Katika jaribio la Marekani la mwaka 2009, wanawake wanene waliopunguza wastani wa asilimia 8 ya uzito wao walipunguza mivujo karibu nusu. Kwa mtu wa kilo 90 hiyo ni kilo saba hivi.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Tuchukue mama wa kufikirika wa miaka 51, mwuza samaki sokoni Tanga. Ana watoto wanne, wote kwa njia ya kawaida, wa mwisho alikuwa na kilo nne. Hedhi ilikoma mwaka jana. Ana shinikizo la damu na anameza enalaprili. Daftari lake la siku tatu linaonyesha mivujo saba: mitano kwa kukohoa na kunyanyua beseni, miwili akifika mlangoni. Mchana anakwenda chooni mara 11, karibu kila saa moja na nusu, na jagi linaonyesha mililita 120 hadi 180.

Ana mchanganyiko, na kinachomsumbua zaidi ni kikohozi. Kabla ya zoezi lolote kuna swali moja: kikohozi kimetoka wapi? Enalaprili na ndugu yake kaptoprili huwasababishia baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichoisha. Haachi dawa mwenyewe, maana shinikizo likipanda ni hatari kuliko mkojo. Anarudi kliniki, anaeleza, na daktari anambadilishia losatani. Angekuwa anameza dawa ya kupunguza maji mwilini, kama frusemaidi, angeuliza kuhusu saa ya kuimeza. Mkojo wake unapimwa pia ili kuhakikisha hakuna maambukizi, na sukari inapimwa.

Wiki ya kwanza anautafuta msuli kwa kioo na anagundua anasukuma. Anatumia siku kadhaa kujifunza kuvuta tu. Anaanza kwa kushikilia sekunde tatu, mara nane, asubuhi akiwa bado kitandani, mchana amekaa nyuma ya meza ya samaki, usiku baada ya kula. Beseni analigawa mara mbili, na kila anapolinyanyua anabana kwanza. Wakati huohuo anaanza kwenda chooni kila saa moja na dakika 30. Wiki ya pili inakuwa saa moja na dakika 45, ya tatu saa mbili, na kwa hesabu hiyo wiki ya saba ndiyo anafika saa tatu. Wiki ambayo haikwenda vizuri anairudia, haruki.

Wiki ya sita anaandika tena daftari. Asipoona badiliko lolote kwenye mivujo ya kikohozi, hilo si tangazo kwamba mazoezi yameshindwa, bali ni wakati wa mtu mwingine kumkagua mbano: huenda anabana matako, huenda anazuia pumzi, au misuli iling’oka upande mmoja na haiwezi kukaza sawasawa. Akiona mivujo imeshuka kutoka saba hadi minne, anaendelea na kuongeza sekunde. Kama ukavu wa uke na haraka bado vinamsumbua, hapo ndipo anaomba krimu, iende pamoja na mazoezi.

Wiki ya 12 analinganisha madaftari matatu. Kikohozi kikiwa kimebaki na mvujo mmoja au miwili asiyojali, anapunguza mazoezi hadi seti moja kwa siku na haachi kabisa, kwa sababu msuli usiofanya kazi hurudi ulikotoka. Kama bado analazimika kubadilisha pedi mara tatu sokoni, amekwisha kutimiza yale ambayo daktari wa magonjwa ya wanawake angemtaka ayafanye kwanza. Anampelekea madaftari yote matatu, aombe kupimwa kama kuna kilichoshuka, na wazungumze kuhusu pete au upasuaji.